Safu ya Tatu

Swali lenyewe huja hivi. Jumamosi kuna harusi. Wageni wamekula saa 7 mchana: pilau ya nyama ya ng'ombe, kachumbari, juisi ya ukwaju na tikiti maji. Mgonjwa wa kwanza anaanza kulalamika saa 3 usiku, wengi wanamfuata kati ya saa 5 na saa 7 usiku, na wa mwisho anaamshwa na tumbo saa 11 alfajiri. Tumbo linasokota, choo ni maji matupu. Waliotapika ni wawili watatu tu, na hakuna mwenye homa. Jumatatu asubuhi wote wako kazini. Taja kimelea unachokishuku na utoe sababu. Alama kumi.

Nilipokuwa nasomea afya ya mazingira, nilikuwa na jibu la maswali ya namna hii ndani ya mlango wa kabati langu hosteli. Lilikuwa jedwali la safu tatu, limenakiliwa kwa mkono kutoka daftari la mwenzangu, naye kalinakili kwa waliomtangulia. Safu ya kwanza: kimelea. Ya pili: chakula kinachokibeba mara nyingi. Ya tatu: muda unaopita tangu mtu ale mpaka augue, ule ambao wanafunzi tunauita inkubesheni. Tulilikariri jedwali hilo mstari kwa mstari kama watoto wa chuoni: stafilokokasi, keki za krimu na nyama baridi, saa 1 hadi 6, salmonela, mayai na kuku, saa 12 hadi 36, na kuendelea.

Ubaya ni kwamba mwanafunzi akipewa swali la harusi hukimbilia safu ya pili kutafuta pilau. Pilau haimo. Jedwali hilo lilizaliwa kwa watu wenye meza nyingine: lina saladi ya viazi, ambayo hatukuwahi kuiona kwenye shughuli yoyote, lina samaki wa kopo, lina wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina. Basi nusu ya darasa letu tukaona wali na wali ni ndugu, tukaandika Basilasi sireusi, saa 1 hadi 6. Mwalimu akatukata alama nane kati ya kumi, akaandika pembeni neno moja kwa wino mwekundu: "Hesabu."

Alikuwa na haki. Safu ya pili ni ya kukisia tu, kwa sababu kimelea hakisomi orodha ya vyakula. Safu ya tatu ndiyo yenye sababu ndani yake, na ukishaijua sababu hiyo huna haja ya kukariri sana.

Sababu yenyewe ni moja: sumu inatengenezwa wapi? Kuna bakteria wanaoitengeneza ndani ya chakula, kabla hujakitia mdomoni. Hapo mwili haungoji chochote. Sumu ikifika tumboni, kazi imeanza, na jambo la kwanza mwili unalofanya ni kuirudisha ilikotoka. Ndiyo maana muda ni mfupi, saa chache tu, na dalili kubwa ni kutapika. Wapo wengine wanaoliwa wakiwa hai, wakasafiri hadi utumbo mwembamba, ndipo wakaanza kutoa sumu huko. Hao wanahitaji nusu siku hivi, na kwa kuwa wako chini, mtu anahara zaidi kuliko kutapika. Kundi la tatu halitosheki na kukaa utumboni, linaingia kwenye ukuta wake. Mwili unapigana nalo, homa inapanda, na muda unahesabiwa kwa siku. Wanaopenya zaidi ya hapo hadi kwenye damu na ini, kama homa ya matumbo na homa ya ini ya aina A, huhesabiwa kwa wiki.

Mfano wa kundi la kwanza ambao sijaona ulio wazi zaidi ni wa ndege. Februari 1975, ndege ya Shirika la Ndege la Japani iliondoka Tokyo kwenda Paris ikiwa na abiria 344. Ilitua Anchorage, Alaska, ikapakia chakula, kisha ikaelekea Copenhagen. Asubuhi, ikiwa inaikaribia Denmark, abiria walipewa kifungua kinywa cha kimanda na vipande vya nyama ya nguruwe. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kutapika, wakajaza mifuko, wakapanga foleni vyooni. Kwa jumla abiria 196 na mhudumu mmoja waliugua, na zaidi ya 140 walilazwa hospitali.

Fuata chakula kile kwa saa zake. Jikoni Anchorage kulikuwa na mpishi mwenye malengelenge yaliyoambukizwa kwenye vidole, na ndiye aliyeishika nyama ile. Stafilokokasi hukaa kwenye ngozi, puani na hasa kwenye majipu na vidonda. Baada ya kutayarishwa, vyakula vilikaa jikoni kama saa 6 bila ubaridi. Kisha vikawekwa kwenye chumba cha baridi kwa zaidi ya saa 14, lakini baridi yenyewe ilikuwa nyuzi 10 za Selsiasi, wakati jokofu linatakiwa lisizidi 5 hivi. Halafu vikapanda ndegeni, vikakaa kwenye oveni zilizozimwa muda wa saa 8 nyingine. Mwishoni vikapashwa moto na kuandaliwa.

Kupashwa moto huko ndiko kunakowachanganya watu. Bakteria wengi pengine walikufa. Sumu haikufa, kwa sababu haikuwa hai: ni protini iliyokwisha kumwagwa kwenye chakula, nayo inavumilia hata kuchemshwa nusu saa. Chakula kinaweza kuwa cha moto, chenye harufu nzuri, kisicho na bakteria hai hata mmoja, na bado kikamlaza mtu. Waliookoka kwa bahati ni marubani. Kwa saa za miili yao ulikuwa si wakati wa kifungua kinywa, hivyo walikula mlo mwingine. Mashirika ya ndege tangu zamani hupenda rubani na msaidizi wake wasile chakula kimoja, na tukio hili hutajwa mara nyingi kama sababu.

Sasa rudi harusini. Mlo ulikuwa saa 7 mchana. Mgonjwa wa kwanza alianza saa 3 usiku, yaani muda wa saa 8. Wa mwisho, saa 11 alfajiri, muda wa saa 16. Wakipangwa kwa mfuatano, wa katikati yuko kwenye saa 10 au 11. Huyo wa katikati ndiye anayetafutwa, si wa kwanza wala wa mwisho, maana wa kwanza huenda alikuwa na tumbo lake la tangu jana. Muda wa saa 10 umeshapita kundi la kwanza. Hakuna homa, na Jumatatu watu wazima, kwa hiyo si kundi la tatu. Salmonela ingewaweka kitandani siku kadhaa wakitetemeka. Tumebaki katikati, kwa bakteria anayeliwa hai na kutoa sumu utumboni, na wa kwanza kushukiwa ni Klostridia pefrinjensi, ambaye jedwali linampa saa 6 hadi 24 na "nyama iliyopikwa kwa wingi". Hilo la wingi ndilo neno la kushika.

Kabla ya kwenda mbele, kuna mtego ambao vitabu hivyo vya kigeni hauvihusu. Mgonjwa anasema "ilinianza saa tatu usiku." Karani anajaza fomu inayotaka saa kwa mtindo wa kimataifa, ana haraka, anaandika 3:00. Saa 3 usiku ni 21:00. Aliyeandika 3:00 ameandika saa 9 usiku wa manane. Kwa kosa hilo moja muda wa saa 8 umekuwa 14. Wagonjwa kumi wakiandikwa hivyo na kumi wakaandikwa sawasawa, mchoro wa wagonjwa unatoka na vilima viwili, na mtu anaanza kutafuta milo miwili iliyoharibika ambayo haikuwapo. Dawa ni kumuuliza mgonjwa: ilikuwa kabla ya kulala au baada? Adhana ya isha ilikuwa imetoka? Taarifa ya habari ilikuwa imeisha?

Haya, pilau imefanya nini? Kwa shughuli ya watu wengi wapishi hawangoji asubuhi. Tuseme pilau ilianza kupikwa usiku, nyama ikachemka vizuri, mchele ukatiwa, na saa 9 usiku ikaiva. Sufuria kubwa likafunikwa, makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, wapishi wakajinyoosha. Alfajiri makaa yalikuwa majivu. Hakuna aliyegusa sufuria mpaka saa 7 mchana, na lilipofunguliwa lilitoa mvuke bado, watu wakashukuru kwamba chakula ni cha moto.

Klostridia pefrinjensi anakaa kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama, hivyo kumkuta kwenye nyama si ajabu hata kidogo. Akipata shida hujigeuza mbegu ngumu, na mbegu hiyo inastahimili kuchemka. Kwa hiyo pilau ilipoiva, washindani wake wote walikuwa wamekufa, yeye akabaki. Kuchemka kumeifukuza hewa ndani ya chakula, naye hapendi hewa. Kisha joto likaanza kushuka, taratibu, kwa sababu sufuria la ujazo ule halipoi haraka: pembeni limepoa, katikati linafukuta. Likishuka chini ya nyuzi 60 mbegu zinaamka. Likifika nyuzi 43 hadi 45, bakteria huyu huongezeka maradufu kila dakika 10 hivi, na wachache sana wana kasi hiyo. Mmoja anakuwa 2, wawili 4, na mambo yakimwendea vizuri, baada ya saa 3 ni 262,144. Joto vuguvugu ambalo mgeni analifurahia ndilo hilo hilo.

Wakishaliwa kwa mamilioni, wanafika utumboni, wanaanza kujigeuza mbegu upya, na katika kujigeuza huko ndipo wanapoiachia sumu. Safari hiyo ndiyo saa 8 hadi 16 za swali letu.

Hapo tumeshuku pilau. Bado hatujathibitisha, na mtaani tayari wamemhukumu mwingine. Kwenye harusi yoyote lawama ya kwanza huangukia kachumbari, kwa kuwa ni mbichi na imekatwa kwa mikono ya watu. Mtahini mzuri hukupa idadi ili uipime lawama hiyo. Waliohojiwa ni 100, waliougua 49. Waliokula kachumbari ni 70, na kati yao 35 waliugua, yaani asilimia 50. Wasioila ni 30, na 14 waliugua, asilimia 47. Ukiila unaugua, usipoila unaugua: kachumbari imeachiwa huru. Sasa pilau. Waliokula ni 80, walioumwa 48, asilimia 60. Wasiokula ni 20, na aliyeugua ni mmoja, asilimia 5. Aliyekula pilau alikuwa na hatari mara 12 ya asiyeila. Huyo mmoja asiyeila asikusumbue. Watu huonja jikoni na kusahau.

Uthibitisho wa maabara nao unataka akili. Ukipata kiporo cha pilau hiyo, maabara itahesabu bakteria, na 100,000 au zaidi kwa kila gramu ndicho kiwango cha kusema kweli ndiyo yenyewe. Kumkuta kidogo tu si ushahidi, maana yumo kila mahali. Na mara nyingi kinachofika maabara hakifai: sufuria limeshasuguliwa, au msamaria mwema amekitia kiporo kwenye friza ili kisiharibike. Klostridia pefrinjensi anakufa kwa wingi akigandishwa. Majibu yanarudi "hakuna kilichoonekana" na mwenye kuhukumu kwa karatasi anafunga jalada. Sampuli iwekwe kwenye baridi, isigandishwe.

Kuna jambo la haki niwaambie wale wenzangu walioandika Basilasi sireusi. Hawakupotea mbali. Bakteria huyo ana mistari miwili kwenye jedwali, na mtahini anajua kwamba wengi hukariri mmoja. Kwenye wali uliochemshwa ukaachwa mezani usiku kucha, hutengeneza sumu ndani ya chakula. Asubuhi kiporo kinakaangwa, sumu haijali kikaango, na mtu anatapika ndani ya saa 1 hadi 6. Lakini ana namna ya pili, ya kuharisha, inayotokea utumboni kama ile ya pefrinjensi, saa 6 hadi 15. Kwa saa peke yake pilau yetu ingeweza kuwa yeye. Nyama nyingi, sufuria kubwa na maabara ndivyo vinavyoamua. Aliyeandika namna ya pili na kueleza hivyo, mimi ningempa alama saba.

Namba hizo za saa 6 hadi 15 zina mtu nyuma yake, na sijui kwa nini hatukuambiwa darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, hospitali moja ya Oslo ilipata wagonjwa na wafanyakazi walioharishwa na mchuzi mtamu wa vanila, uliopikwa siku moja kabla na kuachwa bila kuwekwa kwenye baridi. Mtafiti wa Norwei, Steinar Hauge, alimkuta humo Basilasi sireusi, lakini wakati huo wengi walimhesabu kuwa bakteria asiye na madhara. Hauge akampanda kwenye mchuzi wa vanila, akauacha mpaka bakteria wakajaa, akanywa mililita 200. Kama saa 13 baadaye tumbo likamsokota. Katika jedwali langu la kabatini ujasiri huo wote ulikuwa nambari mbili na kistari katikati.

Safu ya tatu inapofika kwenye wiki, ndipo inapogeuka ya kuhuzunisha. Mtu aliyetapika baada ya saa 3 anakumbuka alichokula. Listeria, ambaye ni wa vyakula vilivyo tayari kuliwa, kama jibini laini na nyama za kusindika, anaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla ugonjwa mkali haujaonekana: maambukizi ya damu, homa ya uti wa mgongo, mimba kuharibika. Nenda kamuulize mama aliyelazwa alikula nini miezi miwili iliyopita. Tena listeria anaongezeka hata ndani ya jokofu, kwa hiyo ushauri wa "weka kwenye baridi" kwake hautoshi.

Afrika Kusini ililijua hilo kuanzia 2017. Wagonjwa waliongezeka mwezi baada ya mwezi, nchi nzima, na hakuna mlo mmoja wa kuunyooshea kidole. Mpaka mlipuko ulipokwisha mwaka 2018, waliothibitishwa walikuwa 1,060 na vifo vilivyojulikana 216; sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga walioambukizwa tumboni mwa mama zao. Wachunguzi walihoji wagonjwa na familia zao. Kati ya 109 waliohojiwa, 93 walitaja nyama za kusindika zilizo tayari kuliwa, hasa poloni. Lakini poloni huko ni kitu cha kila duka na kila mkate. Karibu kila mtu angeitaja, mgonjwa na mzima.

Kilichofungua fundo ni kwamba listeria, kama Basilasi sireusi, naye ana mistari miwili. Akimezwa kwa wingi na mtu ambaye mwili wake unaweza kumzuia, huishia utumboni, akaleta homa na kuhara ndani ya siku moja hivi. Vitabu vingi vya mtihani huacha mstari huo, kwa kuwa unapita wenyewe na hauui. Januari 2018, watoto 9 wenye umri chini ya miaka 5, wote wa kituo kimoja cha kulelea watoto, walifikishwa katika Hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, wakiharisha na wana homa. Kuna daktari aliyekumbuka kwamba nchini kuna listeria, na kwamba watoto 9 wa mahali pamoja kuugua kwa pamoja maana yake ni mlo wa karibuni. Choo cha mtoto mmoja kikamtoa listeria. Maafisa wa afya wakaenda kituoni, wakafungua jokofu, wakakuta poloni. Ikapimwa, ikafuatiliwa hadi viwandani, na tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya akatangaza kwamba chanzo ni kiwanda kimoja cha Polokwane, ambako aina ile ile ya listeria, inayoitwa ST6, ilikutwa.

Kwa wale wa siku 70, wachunguzi walikuwa wamehangaika miezi. Kwa watoto wa Soweto chakula chenyewe kilikuwa bado kwenye jokofu.